Simu mpya ya Android imewaka kwa lugha usiyoijua: dalili, vyanzo na la kufanya

Simu za Android zikiwashwa mara ya kwanza hupita kurasa zilezile kwa mpangilio unaokaribiana: kukaribishwa, Wi-Fi, kunakili data kutoka simu ya zamani, akaunti ya Google, masharti, kisha kufunga skrini. Kila kampuni huongeza kurasa zake hapa na pale, lakini mfuatano huo haubadiliki sana, na ndiyo maana mtu anaweza kuvuka hata kama hasomi herufi hata moja.

Lugha yenyewe si hatari. Lugha, saa, ukubwa wa maandishi na hata Wi-Fi, vyote unaweza kuvirekebisha baadaye ukiwa umetulia. Ukurasa wa kuogopa ni ule wa kunakili data. Kwenye simu nyingi bekapu ya Google hurejeshwa wakati wa kuanzisha simu tu. Ukiuruka kwa kubonyeza ovyo, mara nyingi hakuna njia ya kurudi isipokuwa kufuta simu yote na kuanza mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, weka simu ya zamani karibu, ikiwa imewashwa, ina chaji na bado ina data zake. Usiifute wala usimpe mtu. Kumbuka PIN au mchoro unaoifungua, maana utaulizwa. Na kama simu hiyo ina Google Lens au Google Translate, fungua sehemu ya kutafsiri kwa kamera na uielekeze kwenye skrini ya simu mpya. Tafsiri haitakuwa nzuri, ila itakutosha kujua kitufe kipi kinasema kuruka na kipi kinasema kufuta.

## Dalili ya 1: Ukurasa wa kwanza uko kwa lugha ngeni

Chanzo cha kawaida kabisa: lugha haijachaguliwa bado. Watu huona kitufe kikubwa chenye rangi, wanakibonyeza, wanajikuta ndani. Kwenye ukurasa wa kukaribisha, jina la lugha huwa limeandikwa peke yake, mara nyingi karibu na kitufe hicho, likiwa na mshale mdogo wa kushuka au alama ya dunia pembeni. Liguse. Orodha itakayofunguka huandika kila lugha kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo Kiswahili kitakuwa kimeandikwa `Kiswahili`, wala hakitatafsiriwa kwa Kijapani au Kirusi. Lugha chache zinazopendekezwa hukaa juu. Shuka polepole hadi kwenye herufi za Kilatini, kisha utafute K. Baadhi ya simu zitakuuliza uchague nchi; chaguo hilo huathiri mambo kama mpangilio wa tarehe, hivyo chagua ya kwako.

Chanzo cha pili: umeshapita ukurasa huo. Rudi nyuma. Mshale wa kurudi uko pembeni mwa skrini, au telezesha kidole kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ikikataa, zima simu kwa kitufe cha pembeni na uiwashe upya. Kama hujamaliza hatua zote, mara nyingi itaanza tena kwenye ukurasa wa kukaribisha.

Chanzo cha tatu: laini iliyomo ndani. Simu inayoanzishwa inaweza kujipangia lugha kutokana na nchi iliyotoa laini. Hii ndiyo inayowachanganya watu wanaosema, "Nilichagua lugha yangu, ikabadilika yenyewe." Zima simu, toa laini, anza tena, na uirudishe baada ya kumaliza.

Chanzo cha nadra: simu ilitengenezwa kwa soko la nchi moja. Dalili yake ni orodha fupi sana ya lugha. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China, kwa mfano, hutoa Kichina, Kiingereza na pengine lugha nyingine chache, na ukurasa wa akaunti ya Google haujitokezi kabisa. Unaombwa akaunti ya mtengenezaji. Hapo usitafute Kiswahili kwa nguvu. Ukikubali kuibakiza, chagua lugha iliyo karibu zaidi na wewe na ujue kwamba bekapu ya Google haitarejeshwa kwa njia ya kawaida.

Simama hapa kama mtu anakushauri kuiwekea programu ya nchi nyingine kwa kompyuta ili tu upate lugha. Programu isiyolingana na simu inaweza kuifanya isiwake tena. Kama imenunuliwa karibuni, irudishe kwa muuzaji.

## Dalili ya 2: Vitufe viko upande usiotarajiwa, au simu inaongea na haikubali kuguswa

Hizi ni dalili mbili tofauti, lakini zote watu huziripoti kwa maneno yaleyale: "skrini imeharibika."

Lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, Kiebrania, Kiajemi na Kiurdu, hugeuza ukurasa mzima. Kitufe cha kuendelea huhamia chini kushoto, cha kuruka huhamia kulia, na mshale wa kurudi huelekea kulia. Mtu aliyezoea kubonyeza chini kulia ili asonge mbele huwa anaruka kila ukurasa bila kujua, pamoja na ule wa bekapu. Kwa lugha yoyote ile, kitufe kilichojazwa rangi kwa kawaida ndicho cha kuendelea, na maandishi matupu yasiyo na kisanduku ndiyo ya kuruka au kukataa. Angalia hilo kuliko upande.

Kama kila unapogusa unasikia sauti, na kitu ulichogusa kinazungukwa na mstari wa rangi lakini hakifunguki, basi TalkBack imewashwa. Ni msaada kwa wasioona, na kwenye ukurasa wa kukaribisha inaweza kuwashwa kwa bahati mbaya: kwa kushikilia vidole viwili kwenye skrini, au vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja. Shikilia vitufe vya sauti vyote viwili kwa sekunde kadhaa, itazimika. Ikikataa, tumia kanuni zake: gusa mara moja kuchagua, gusa mara mbili haraka kubonyeza, tumia vidole viwili kushusha ukurasa.

Kitufe cha kuendelea kikiwa cha kijivu kwenye ukurasa wa masharti, kuna kisanduku cha lazima hujakitia alama, au hujafika chini ya ukurasa. Shusha hadi mwisho.

## Dalili ya 3: Wi-Fi haikubali

Ukurasa wa Wi-Fi unajulikana kwa urahisi: orodha ya majina yenye alama ya mawimbi na kufuli ndogo. Jina la mtandao wako litaonekana kama ulivyoliandika kwenye ruta, hata simu ikiwa kwa Kikorea.

Nenosiri linakataliwa. Chanzo kikubwa ni kibodi. Simu iliyo kwa Kiarabu au Kirusi inaweza kukuletea kibodi ya herufi hizo, na nenosiri lako ni la herufi za Kilatini. Tafuta alama ya dunia kwenye safu ya chini ya kibodi na uiguse, au shikilia kitufe cha nafasi hadi orodha ya lugha itokee. Kisha gusa alama ya jicho kwenye kisanduku ili uone unachoandika. Usiandike nenosiri la Wi-Fi gizani, hasa kwenye simu usiyoielewa.

Jicho hilo litakuonyesha jambo jingine linalosahaulika: tarakimu. Baadhi ya kibodi za Kiarabu huandika ٤ na ٥ pale unapotaka 4 na 5. Kwako ni namba ileile, lakini kwa ruta ni alama tofauti kabisa na nenosiri litakataliwa kila mara. Badilisha kibodi kwanza, futa yote, andika upya. Kama hakuna kibodi ya Kilatini kwenye orodha, rudi ukurasa wa kwanza na uchague lugha ya herufi za Kilatini, hata iwe Kiingereza, kibodi itaifuata.

Kitufe cha kuunganisha kikiendelea kuwa cha kijivu, hesabu ulichoandika. Nenosiri la kawaida la Wi-Fi ya nyumbani haliwi chini ya herufi 8, na simu haitakuruhusu kujaribu kabla hazijatimia. Herufi kubwa na ndogo nazo ni tofauti.

Mtandao wako hauonekani kwenye orodha. Sogea karibu na ruta kwanza. Kama ruta yako inarusha mawimbi ya 5 GHz peke yake, ukuta mmoja au miwili inaweza kuufuta kwenye orodha, na simu nyingine za bei ya chini hazina 5 GHz kabisa. Washa 2.4 GHz kwenye ruta. Chanzo cha nadra ni chaneli: ruta inayotumia chaneli ya 12 au 13 inaweza isionekane na simu iliyopangiwa nchi ambako chaneli hizo hazitumiki. Iweke ruta kwenye 1, 6 au 11.

Imeunganishwa lakini haisongi mbele. Subiri dakika chache, maana hatua ya kutafuta masasisho huchukua muda, na watu wengi huizima simu hapohapo. Ikizidi, washa intaneti ya kushiriki kutoka simu ya zamani na uunganishe huko. Ikifaulu, tatizo ni ruta au kifurushi chako. Kama ruta imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, simu mpya haimo. Na kuanzia Android 10 simu kwa kawaida hujitambulisha kwa anwani ya Wi-Fi ya nasibu kwa kila mtandao, kwa hiyo kuingiza anwani halisi ya simu kwenye orodha hiyo haitasaidia. Zima orodha hiyo kwa muda. Wi-Fi za hoteli na ofisi zinazotaka ujaze fomu kwenye kivinjari ziepuke kabisa wakati wa kuanzisha simu.

Ikiwa hata kwa intaneti ya simu nyingine bado inakwama, shuku tarehe. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na miunganisho salama ya Google hukataa. Kwenye ukurasa wa Wi-Fi chagua kuendelea bila mtandao, rekebisha tarehe kwenye ukurasa wake, kisha rudi nyuma hadi Wi-Fi. Usimalize kuanzisha simu ukiwa bila mtandao kama unaitaka bekapu.

## Dalili ya 4: Bekapu haionekani, au imekataa kurudi

Ukurasa huu huwa na mchoro wa simu mbili, au wa simu na mshale. Ukiuona, simama. Kitufe cha rangi ni kunakili, maandishi matupu ni kutonakili.

Kama simu ya zamani ni ya Android na inafanya kazi, ushauri wangu ni utumie hiyo badala ya bekapu ya mawingu, yaani ile iliyohifadhiwa Google mtandaoni, kwa sababu moja ambayo wengi hawaifikirii: maelekezo mengi yatatokea kwenye simu ya zamani, kwa lugha unayoisoma. Unaunganisha simu mbili kwa waya wa USB, unaifungua ya zamani, nayo inakuuliza kama unakubali kunakili. Baadhi ya simu huonyesha msimbo wa mraba kwenye skrini mpya ili uupige picha kwa kamera ya zamani, na hapo Wi-Fi na akaunti huweza kuhama pamoja. Ya zamani isipotoa ujumbe wowote, badilisha waya kwanza. Waya nyingi ni za kuchaji tu, hazipitishi data.

Ukitumia bekapu ya mawingu, vyanzo vya kukwama huja kwa mpangilio huu.

Akaunti si ileile. Mtu ana akaunti mbili za Google, ameingia kwa ile isiyo na bekapu. Kwenye simu ya zamani fungua Mipangilio, kisha Google, kisha sehemu ya hifadhi nakala. Utaona akaunti na tarehe ya bekapu ya mwisho. Kama ni ya zamani, bonyeza ihifadhi sasa hivi na usubiri imalize. Google ikikutumia ombi la kuthibitisha unapoingia kwenye simu mpya, litatokea kwenye skrini ya simu ya zamani, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoifuta.

PIN inayoulizwa siyo unayodhani. Baada ya kuchagua bekapu, utaona sehemu ya tarakimu au vitone tisa vya mchoro. Hapo inatakiwa PIN au mchoro wa simu ya zamani. Nenosiri la Google halikubaliki, wala PIN unayotaka kuiwekea simu mpya. Usibahatishe mara nyingi, majaribio yana kikomo.

Simu mpya ina Android ya chini kuliko ya zamani. Bekapu haishuki. Iliyotengenezwa na Android 14 haitarejeshwa kwenye simu yenye Android 13, hata kama simu hiyo umeitoa kwenye boksi leo. Namba ya toleo iko kwenye Mipangilio, Kuhusu simu.

Bekapu imefutwa. Simu ya zamani isipotumika kwa siku 57, Google inaweza kuifuta bekapu yake. Kama simu ilipotea miezi mingi iliyopita, usitarajie kuikuta.

Chukua mfano wa dada mmoja aliyeletewa simu iliyowaka kwa Kiarabu. Wi-Fi ilimkatalia, na jicho la kwenye kisanduku likaonyesha tarakimu za Kiarabu mwishoni mwa nenosiri. Akagusa alama ya dunia, akaandika upya, ikakubali. Akaingia kwenye akaunti yake, lakini bekapu ya simu yake haikuwemo kwenye orodha. Akaunti ilikuwa sahihi na bekapu ilikuwa ya jana yake. Tofauti ilikuwa kwenye matoleo: simu yake ya zamani ilikuwa na Android 14, mpya ilitoka na 13.

Dawa yake ilikuwa ndefu ila haina hatari. Alichagua kutonakili, akamaliza kuanzisha simu, akaenda kwenye Mipangilio kutafuta sasisho la mfumo, akalipakua kwa Wi-Fi na kuhakikisha toleo limesoma 14. Ndipo akafuta data zote kwa kupitia Mipangilio hiyohiyo na kuanza upya. Safari hii alichagua `Kiswahili` kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya jambo lolote, na bekapu ikajitokeza.

Data zikianza kurudi, usishtuke ukiona aikoni za kijivu. Programu hupakuliwa nyuma ya pazia baada ya ukurasa wa mwisho, na kwenye intaneti ya polepole zinaweza kuchukua saa kadhaa. Picha zilizohifadhiwa Google Photos ziko huko, fungua programu yake. WhatsApp nayo ina bekapu yake pekee: hurejeshwa ndani ya WhatsApp, kwa namba ileile ya simu na akaunti ileile ya Google. Kama uliwahi kuiwekea usimbaji, itakudai nenosiri au ufunguo wenye tarakimu 64, na bila hivyo hakuna fundi atakayeifungua.

## Dalili ya 5: Baada ya Wi-Fi inadai akaunti au PIN, na hakuna pa kuruka

Ukurasa una alama ya kufuli, hauna maandishi ya kuruka, na kila unaporudi nyuma unakurejesha palepale. Hiyo si hitilafu ya lugha. Ni kinga inayozuia simu iliyofutwa isitumiwe na mtu mwingine, na inataka akaunti ya Google au kifunguo cha skrini kilichokuwemo kabla.

Kama simu ni yako na uliifuta kwa vitufe vya pembeni kupitia menyu yenye maneno `Wipe data/factory reset`, ingia kwa akaunti uliyokuwa nayo humo. Kufuta kwa njia hiyo hakuondoi kinga. Kufuta kupitia Mipangilio, skrini ikiwa imefunguliwa, kwa kawaida huiondoa. Kama umebadilisha nenosiri la Google muda mfupi uliopita, subiri saa 24 kabla ya kujaribu tena.

Kama uliuziwa simu hiyo kuwa mpya, basi si mpya. Usiendelee kubonyeza, na usimlipe mtu anayeahidi kuivusha kinga. Irudishe kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti, aondoe akaunti yake mbele yako. Akishindwa, huenda simu hiyo si mali yake.

Kwa fundi mwenye idhini ya mtengenezaji peleka simu inayojizima yenyewe katikati ya kuanzishwa, isiyoona mtandao wowote wa Wi-Fi hata ukiwa kando ya ruta, au ambayo skrini yake haisikii mguso sehemu moja katika kila ukurasa. Hizo ni hitilafu za kifaa, na kama muda wa dhamana haujaisha usikubali ifunguliwe na mtu mwingine.